Gego la Mwisho Likikwama: Lini Utulie Nyumbani, Lini Ushuke Same, Lini Uende Moshi

Magego ya mwisho, yale ambayo wengi huyaita meno ya ukubwani au meno ya hekima, huota kati ya miaka 17 na 25. Yakitimia ni manne, moja kila pembe ya kinywa, ingawa wapo wenye mawili tu na wapo wasiojaliwa hata moja. Yakipata nafasi huchomoza bila kelele, na mwenye nayo hugundua siku anapopitisha ulimi nyuma akakuta kitu kigeni. Shida kubwa iko taya ya chini, ambako mara nyingi mfupa unakuwa umekwisha kabla jino halijapata pa kukaa. Basi jino linakwama. Lingine huinama mbele na kuegemea gego la pili, lingine hulala kabisa ndani ya taya, lingine husimama wima lakini nusu ya kichwa chake ikabaki chini ya ufizi.

Kinyume na watu wengi wanavyodhani, lililozikwa kabisa ndani ya mfupa mara nyingi si msumbufu kama lililochomoza nusu. Lililozikwa halina njia ya kupitisha vijidudu. Lililochomoza nusu lina kifuniko cha ufizi juu yake, na chini ya kifuniko hicho pana mfuko mdogo ambao mswaki haufiki. Kwetu Upare, ambako makande hayakosekani jikoni, ganda moja la hindi likiingia humo linatosha. Linaoza taratibu, vijidudu visivyohitaji hewa vinastawi, ufizi unavimba, na gego la juu linaanza kuutafuna ule uvimbe kila unapofunga mdomo. Kadiri linavyoutafuna ndivyo unavyozidi kuvimba.

Nichukue mfano wa binti wa miaka 21 anayelima tangawizi na wazazi wake huko Mamba Miamba. Jumatatu anahisi ufizi wa nyuma kushoto umekuwa mzito. Jumanne anasikia ladha mbaya mdomoni, na maumivu yanapanda hadi sikioni, kiasi kwamba mama anadhani ni sikio. Jumatano kumeza kunauma, na tezi chini ya taya imetokeza. Anakwenda duka la dawa muhimu, anauziwa vidonge vichache vya amoksilini na vya kutuliza maumivu. Ijumaa maumivu yanapungua, Jumapili yamekwisha, naye anarudi shambani akiamini amepona.

Hajapona. Kifuniko kipo, mfuko upo, jino bado limekwama palepale. Baada ya miezi miwili au mitano hali hiyo itarudi, na huenda ikarudi katikati ya masika, wakati barabara ya kushuka kutoka milimani ni tope tupu. Kosa linalowaponza wengi ni kulipima tatizo hili kwa maumivu. Maumivu yakiwa makali wanahaha, yakitulia wanasahau. Vipo vipimo bora kuliko maumivu, na kila mtu anaweza kuvitumia nyumbani bila kifaa chochote.

Kipimo cha kwanza ni vidole. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufungua mdomo na kuingiza vidole vyake vitatu vikiwa vimesimama wima, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Ni kama milimita 40 hivi. Vikiingia vitatu, mara nyingi ugonjwa bado uko kwenye ufizi. Vikiingia viwili kwa shida, misuli ya kutafunia imeanza kukaza kwa sababu uambukizo umeisogelea. Kikiingia kimoja tu, usingoje duka lifunguliwe kesho, shuka hospitali. Nasisitiza hili kwa sababu jingine pia: mdomo ukishakaza, hata daktari aliye hodari hawezi kufika nyuma kuusafisha ufizi wala kulitoa jino. Kila siku unayochelewa inampunguzia nafasi ya kufanyia kazi.

Kipimo cha pili ni mahali uvimbe ulipo. Ufizi kuvimba, hata shavu kujaa kidogo kwenye pembe ya taya, ni jambo linaloweza kushughulikiwa bila haraka ya usiku. Lakini uvimbe ukishuka chini ya mfupa wa taya kuelekea shingoni, habari imebadilika. Sababu yake ni umbile letu. Chini ya ulimi kuna msuli mpana unaoshika sakafu ya kinywa, na ncha za mizizi ya magego mawili ya mwisho kwa kawaida ziko chini ya msuli huo. Usaha ukipenya mfupa hapo hautokei mdomoni ukatemwa; unaangukia kwenye nafasi iliyo kati ya taya na shingo. Kutoka hapo unaweza kuenea pande zote mbili, ukainua ulimi juu na kuubana mlango wa pumzi. Daktari Mjerumani aitwaye Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kinachoua ndani yake, mara nyingi, ni kukosa hewa.

Dalili za hatari ni hizi, na kila mwenye kijana nyumbani azikariri. Uvimbe chini ya kidevu ni mgumu na umeenea pande zote mbili. Ulimi umeinuliwa au unasukumwa nje. Mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Sauti imebadilika, anaongea kama mtu mwenye tonge mdomoni. Anapumua kwa shida au hataki kulala chali. Akiwa na moja tu kati ya hizi, tafuta gari usiku huohuo. Asilazwe, aketi wima, ameinama mbele kidogo, na asipewe chakula wala kinywaji kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa. Mpeleke hospitali iliyo karibu kuliko zote, iwe ya Gonja kwa walio upande wa mashariki wa milima au Hospitali ya Wilaya mjini Same, apewe dawa za mshipani na atazamwe pumzi yake, kisha wao wapange safari ya Moshi. Usiipite hospitali ya karibu ukitamani kufika kwanza kwenye kubwa. Toka Same hadi Moshi ni kama kilomita 100, na njia ya hewa inaweza kuziba kabla hamjafika Mwanga.

Turudi kwa binti wetu, ambaye hakufika huko. Siku zile tatu za mwanzo angefanya nini nyumbani? Kazi kubwa ni kuusafisha ule mfuko. Achanganye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue upande unaouma kwa nusu dakika hivi, arudie kila baada ya kula na kabla ya kulala. Akipata bomba la sindano jipya, atoe sindano yenyewe aitupe salama, avute maji hayo kwa bomba tupu na kuyasukuma polepole chini ya kifuniko cha ufizi. Mara nyingi atashangaa kuona kilichotoka humo. Apige mswaki hata kama panauma, kwa mswaki laini wenye kichwa kidogo, akiupitisha nyuma kabisa. Watu wengi huacha kusafisha upande unaouma, na hilo ndilo linaloongeza uchafu.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kunywa parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, asizidishe vidonge vinane kwa siku nzima. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula, si zaidi ya mara tatu kwa siku, inasaidia zaidi kwenye uvimbe, lakini si ya mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mwenye pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo. Asprini haiwekwi juu ya ufizi. Ni tindikali, inaunguza nyama na kukuachia kidonda juu ya ugonjwa. Mafuta ya karafuu yanaweza kutia ganzi kidogo kwa muda, sina ugomvi nayo yakiguswa kwa pamba, ila hayaondoi kilichonaswa chini ya kifuniko. Na shavu lisikandwe kwa kitambaa cha moto kutoka nje. Joto huweza kuuvuta usaha utafute njia ya kupitia kwenye ngozi.

Kuhusu antibayotiki niseme wazi. Kwa uvimbe ulioishia kwenye ufizi, mdomo ukifunguka vizuri na mwili ukiwa hauna homa, kusafisha kunatosha. Dawa hizi zinahitajika pale penye homa, mdomo kukaza, uvimbe kuenea, au mwili wenye kinga dhaifu, kwa mfano mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Mara nyingi daktari huandika metronidazoli, kwa sababu inawapiga vizuri vile vijidudu visivyohitaji hewa, peke yake au pamoja na amoksilini. Ukipewa metronidazoli, acha pombe, na dengelua ni pombe kama nyingine. Maliza siku zote ulizoandikiwa. Vidonge vinne au vitano vinavyouzwa kwa kuhesabiwa mkononi havitoshi kitu, vinawafundisha tu vijidudu kuizoea dawa.

Watani zetu Wachaga hutusema Wapare kwamba tunajua kuibana shilingi. Basi tuibane kwa hesabu. Mtu anayenunua vidonge kila uvimbe unaporudi, akapoteza siku tatu za shamba kila mara, kisha mwishowe akakodi gari usiku kwenda Moshi, amelipia kung'oa jino hilo mara kadhaa na bado analo mdomoni.

Sasa, je, kila gego lililokwama ling'olewe? Hapana, na hapa madaktari wa dunia hawakubaliani wote. Kuna nchi ambako vijana huondolewa magego ya mwisho yote manne hata kama hayajawahi kuuma. Uingereza ilichukua njia nyingine: mwaka 2000 taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba ilisema jino lililokwama lisilo na ugonjwa liachwe, na kwamba uvimbe wa ufizi wa mara moja, usipokuwa mkali sana, si sababu ya kulitoa; ukirudi mara ya pili, ndiyo. Kwa mtazamo wangu msimamo huu unatufaa kwa sehemu kubwa, kwa sababu upasuaji una madhara yake. Lakini ninaongeza jambo moja la kwetu: umbali. Anayeishi dakika kumi kutoka hospitali anaweza kusubiri aone. Anayeishi Chome au Mamba, ambaye tayari ameshapata uvimbe mmoja uliokaza mdomo, asisubiri wa pili.

Zipo sababu nyingine za kulitoa ambazo haziambatani na uvimbe wa ufizi kabisa. Iliyo ya kawaida ni jino lililoinama mbele na kuligusa gego la pili kwa nyuma. Kati yao pana upenyo ambao hausafishiki, chakula kinakaa humo, na gego la pili linaanza kuoza upande usioonekana. Siku likiuma, unakuta umepoteza gego zuri la kutafunia kwa ajili ya lisilo na kazi. Ndiyo maana daktari anaweza kukushauri ulitoe jino ambalo wewe unaliona halina neno. Mwulize akuonyeshe kwenye picha. Pengo jeusi nyuma ya gego la pili linaonekana hata kwa asiye mtaalamu.

Sababu nyingine ni nadra, ila haifai kupuuzwa. Jino lililobaki mfupani limezungukwa na kifuko chembamba, na wakati mwingine kifuko hicho hujaa maji na kukua, kikila mfupa kidogokidogo. Katika taya ya chini unaweza pia kuota uvimbe wa aina nyingine unaotokana na chembe zinazotengeneza meno. Hali zote mbili huanza bila maumivu. Wagonjwa wengi wa uvimbe wa namna hiyo hufika Muhimbili taya ikiwa imeshapanuka sana, kwa sababu tu haukuwa ukiuma. Ukiona pembe ya taya inatokeza, ngumu, isiyouma, inayokua mwezi hata mwezi, au meno ya jirani yanaanza kulegea, kapige picha. Usikubali tu kung'olewa jino lililolegea na kurudishwa nyumbani.

Binti wetu alipata uvimbe wa pili, na mara hii aliweza kuingiza vidole viwili tu. Alishuka Same. Pale hakung'olewa siku hiyo, jambo ambalo lilimuudhi baba yake aliyelipa nauli. Lakini daktari alikuwa sahihi. Mdomo haukufunguka vya kutosha, na ganzi haishiki vizuri kwenye nyama iliyowaka kwa uambukizo. Alimsafisha chini ya kifuniko, akamwandikia dawa, akamtaka arudi baada ya wiki moja. Utaratibu huu ndio wa kawaida pale usaha usipokuwa umeenea. Ukishaenea, daktari huufungulia njia mara moja na huenda akalitoa jino papo hapo.

Aliporudi, swali lilikuwa nani alitoe. Gego lililosimama wima na kuonekana vizuri linaweza kutolewa katika kitengo cha meno cha hospitali ya wilaya. Lililolala au lililozikwa ni kazi ya upasuaji, na hapo rufaa ya kwenda Mawenzi au KCMC inahitajika. Kabla ya yote inatakiwa picha ya eksirei inayoonyesha mizizi mpaka mwisho, ikiwezekana ile kubwa ya taya nzima. Picha ndogo ya kuwekwa mdomoni mara nyingi haifiki huko nyuma, hasa kwa mgonjwa anayetapika kwa kuguswa koo. Daktari anatafuta kitu kimoja hasa: mizizi iko umbali gani na mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu wa taya ya chini. Mshipa huo ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu upande huo hubaki na ganzi. Mara nyingi hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Kwa wachache sana hazirudi. Mshipa wa ulimi nao uko karibu. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa haya kabla hajakaa kwenye kiti, tena kwa Kiswahili cha kawaida.

Mara chache daktari hupendekeza njia fupi zaidi. Anaweza kulitoa gego la juu linalotafuna ufizi uliovimba, kwa kuwa la juu kwa kawaida hutoka kirahisi, na hilo peke yake humpa mgonjwa nafuu kubwa. Anaweza pia kukikata kifuniko. Hilo la pili silipendi sana. Jino likiwa halina nafasi, nyama huota tena.

Upasuaji wenyewe hufanyika kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Ufizi unachanwa na kufunuliwa, mfupa kidogo unaoliziba jino unaondolewa kwa mashine, jino hukatwa vipande likilazimu, vinatolewa kimoja kimoja, kisha panashonwa. Utasikia msukumo na kelele, hupaswi kusikia maumivu makali. Ukiyasikia inua mkono, uongezewe ganzi. Kwa aliye chini ya miaka 25 mfupa huwa laini zaidi, na mizizi pengine haijakamilika, kwa hiyo kazi ni nyepesi na kupona ni haraka kuliko kwa mtu wa miaka 40. Hiyo haimaanishi uliwahi jino lisilo na kosa. Inamaanisha kwamba likishakuwa na kosa, usiliahirishe miaka kumi.

Akishatolewa jino, mgonjwa asipande mlima siku hiyohiyo, sembuse kwa bodaboda. Alale kwa ndugu mjini, maana damu ikianza kutoka usiku awe karibu na msaada. Ang'ate kitambaa alichopewa kwa nusu saa bila kukifungua fungua. Siku ya kwanza asisukutue, asiteme kwa nguvu, asivute sigara, asinywe vya moto. Lile bonge la damu shimoni ndilo kifuniko cha kidonda. Kuanzia siku ya pili, maji ya chumvi kama tulivyosema, polepole. Uji uliopoa, ndizi zilizopondwa na mtori vitamfaa, makande yasubiri. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu kisha hushuka, na mdomo kukaza kidogo wiki hiyo si ajabu. Asibebe magunia ya tangawizi kwa siku kadhaa.

Yapo mambo mawili ya kuangalia baadaye. Maumivu yakipungua halafu yakarudi kwa ukali kati ya siku ya tatu na ya tano, yakipanda sikioni pamoja na harufu mbaya, bonge la damu limetoka na mfupa uko wazi. Hapo antibayotiki haisaidii. Arudi asafishwe shimo na kuwekewa dawa ndani, na nafuu huja upesi, wakati mwingine siku hiyohiyo. Na uvimbe ukianza kukua upya baada ya siku ya tatu, pamoja na homa au usaha, basi ni uambukizo, arudi bila kungoja tarehe ya kutoa nyuzi.

Ukienda, mwambie daktari mapema kama una ujauzito, kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au umewahi kudhurika na dawa yoyote, na umtajie kila dawa uliyokwisha kunywa, hata ile uliyopewa na jirani. Na kama uvimbe huo umeshakupata mara mbili, nenda wakati huu ambapo huumwi, mdomo unafunguka na barabara ni kavu.